Upande wa Nne

Fundi wa miwani alikuwa na sheria tatu sebuleni kwake. Alizitunga mwenyewe, akazipitisha mwenyewe, na kuzisimamia kwa ukali ambao dukani hakuuthubutu hata kwa mteja aliyekalia miwani yake na kurudi kudai imevunjika yenyewe. Ya kwanza, albamu husikilizwa nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya pili, simu hulala kwenye kikapu mlangoni. Ya tatu, hakuna kufungua mdomo mpaka sindano inyanyuke mara ya mwisho.

Wageni wa Jumapili mchana walikuwa watatu tu. Mdogo wake wa kike, muuza vitambaa, alikuja kwa sababu ya undugu. Jirani mwoka mikate, anayeamka alfajiri kuliko jogoo, alikuja kwa sababu kochi lilikuwa laini. Ifikapo wimbo wa pili alikuwa ameshaondoka duniani kwa usingizi. Wa tatu alikuwa mwalimu wa piano. Huyu alikuja kusikiliza, na fundi wa miwani naye alifanya kikao kizima ili mwalimu aje. Hili la mwisho hakulisema kwa mtu. Mdogo wake alilijua tangu siku ya kwanza, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kaka yake alikuwa akipuliza vumbi kwenye santuri huku akitazama kiti cha mwalimu.

Watatu hawa walimwita Profesa. Ilikuwa kejeli, naye aliipokea kama shahada. Kabla ya kila kikao alisimama mbele ya gramafoni na kuhutubia. Aliwaambia kuwa albamu iliyotungwa kama hadithi moja si kapu la nyimbo unalochaguachagua kama nyanya. Ni kitabu, na anayeruka wimbo ameruka sura. Wimbo unaokuchosha huenda ni daraja: umewekwa pale ili ule unaofuata ukukute umeshashusha pumzi. Uliza kila mara ni nani anayeimba sasa, kwa sababu sauti ni moja lakini wahusika wanaweza kuwa wawili. Na ukisikia kipande cha muziki ulichokwisha kukisikia, usikipite. Ni mtu yule yule amerudi na nguo nyingine, na nguo ndizo zinazokueleza yaliyompata.

Yote hayo yalikuwa kweli. Tuseme hivyo mapema, kwa kuwa yanayofuata hayatampa sifa nyingi.

Albamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya santuri mbili: nyimbo kumi na mbili, sauti moja na piano moja, tatu kila upande, zikisimulia habari za mshonaji na mwendesha treni aliyempenda. Aliinunua mitumba, jalada lake lilishapotea, imevikwa bahasha nyeupe. Piano ilianza kwa noti nne. Tatu zilipanda kama ngazi, na ya nne ikabaki imening'inia, bila kushuka kwenye noti ya nyumbani, ile ambayo sikio huisubiri ili lipumzike. Noti hizo nne zilikuwa uti wa mgongo wa hadithi nzima.

Kwenye santuri ya kwanza, upande mmoja uliandikwa "1". Ukiigeuza, upande wa nyuma uliandikwa "4". Santuri ya pili ilikuwa na "2" na "3".

Mtu wa kawaida angeliona hilo akajiuliza. Fundi wa miwani hakuwa mtu wa kawaida; alikuwa Profesa. Alilitafakari, akaamua kuwa mtunzi amefanya makusudi, akajenga nadharia. Upande wa kwanza wapenzi wanakutana. Unageuza, na ghafla nyayo, mlango unagongwa, na wawili hao wako nyumba moja, wamezeeka, wanabishana kuhusu dirisha. Hiyo, alieleza kidole kikiwa juu, ni ndoto. Mtunzi anatuonjesha furaha kisha anatunyang'anya. Santuri ya pili ndiyo uhalisia: ugomvi, safari, na mwisho mwanamume amesimama kituoni anangoja, treni zinapita, nyayo zinasikika, basi. Kimya. "Mapenzi makubwa hayadai," alikuwa akihitimisha. "Yanangoja."

Na yeye akangoja. Kwa miaka alimsindikiza mwalimu hadi getini, akamtakia wiki njema, akarudi ndani akijiona shujaa wa upande wa tatu. Mdogo wake alimwambia kuwa mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini mbivu nayo ikikaa sana huoza. Kaka akajibu kuwa muuza vitambaa hana sikio la muziki.

Kisha mwalimu akatangaza kuwa amepata kazi kwenye chuo cha muziki cha mji mwingine, mbali, na kwamba anahama wiki hiyo hiyo. Aliomba kikao cha mwisho kifanyike kwake, na iwe ile albamu ya mshonaji. Fundi wa miwani alipeleka santuri zake akiwa amezikumbatia. Njiani alipanga kuaga kwa heshima, bila neno la ziada, jinsi albamu ilivyomfundisha. Alikuwa na huzuni kiasi cha kupitiliza nyumba mbili.

Sebule ya mwalimu ilijaa maboksi, muuza vitambaa na mwoka mikate wamejibana katikati yake. Piano ilikuwa imefungwa mablanketi. Juu ya meza palibaki gramafoni ya kizamani aliyoachiwa na shangazi yake, yenye kijiti kirefu katikati. Mwalimu alichukua santuri zote mbili na kuzichomeka pamoja kwenye kile kijiti, moja juu ya nyingine, zikakaa hewani.

Fundi wa miwani alinyoosha mikono kama mtu wa kudaka. Santuri zake, ambazo alizishika kwa ncha za vidole na hakumruhusu hata ndugu yake wa damu kuzigusa. Alifungua mdomo. Mwalimu aliweka kidole midomoni na kumwelekeza kwenye kikapu cha simu, maana naye alikuwa amezileta nyumbani kwake sheria zote tatu. Akaufunga. Mtego wake mwenyewe ulikuwa umemnasa.

Santuri ya chini ilianguka kwa mlio mdogo, mkono wa sindano ukajisogeza wenyewe, noti nne zikapanda. Upande wa kwanza ukaenda salama, wakakutana, wakapendana. Mwoka mikate akalala. Kisha mashine ikakoroma, mkono ukajitoa, na santuri ya pili ikaanguka juu ya ile ya kwanza. Badala ya nyayo na mlango, ukaja ugomvi.

Amekosea, aliwaza fundi wa miwani. Maskini, ameruka ndoto. Alimkazia macho mwalimu, macho ya mtu anayezama kwa adabu. Mwalimu alikuwa amefumba yake.

Lakini sikio halina kiburi kama mwenyewe. Wimbo wa kwanza wa ugomvi ulianzia kwenye sauti ile ile ya piano ulikoachia wimbo wa mwisho wa mapenzi. Miaka yote alidhani umeanza vibaya, umekatikakatika, naye aliufafanua ukatikaji huo kwa nusu saa nzima. Haukuwa umekatika. Ulikuwa ukiendelea. Noti nne zilirudi, sasa polepole na kwa majonzi, na kwa mara ya kwanza akasikia ni akina nani wanaolia: ni wale wale wa dakika moja iliyopita.

Upande ulipokwisha, mwalimu alizinyanyua santuri zote mbili kwa pamoja kama chapati mbili zilizoshikana, akazigeuza, akazirudisha juu ya kijiti. Ya kwanza kuanguka ilikuwa na namba tatu. Kituo, treni zinapita, noti nne zimezama chini kabisa kwenye mkono wa kushoto wa piano, sauti juu haizitaji tena. Na mwishoni nyayo.

Hapo ndipo kila Jumapili alipokuwa akivuta pumzi na kuinamisha kichwa. Alikwisha kuanza kukiinamisha. Mashine ikakoroma. Santuri ya juu ikaanguka, namba nne, na nyayo zikaendelea kwa mwendo ule ule. Yule mwanamume hakubaki kituoni. Alitembea, akafika, akagonga mlango.

Fundi wa miwani alikaa akiwa na kichwa kilichoinama nusu, kama mtu aliyesahau alichoangusha. Ndoto yake iliyosomewa hotuba nyingi haikuwa ndoto. Ilikuwa mwisho. Wazee wanaobishana kuhusu dirisha walikuwa watu waliopita ugomvi na kituo ndipo wakalipata dirisha la kubishania. Katika wimbo wa mwisho zile noti nne zilirudi, na safari hii zilikuwa na maneno, mshonaji aliimba, "Kwa nini hukugonga mapema?" Kisha sauti ikanyamaza, piano ikabaki peke yake ikiukumbuka wimbo wa kwanza, ikapanda ngazi zake tatu, na ya nne ikashuka nyumbani.

Sindano ikanyanyuka. Kinyozi hajinyoi, wanasema, na fundi wa miwani alikuwa amesoma "1" na "4" kwa miaka bila kuziona.

"Umezipanga vingine," alisema fundi wa miwani.

"Nimezipanga zilivyo," mwalimu akajibu. "Zilichapwa hivyo kwa ajili ya mashine kama hii, ili ugeuze mara moja tu. Kwa mashine yako inabidi ubadilishe santuri baada ya upande wa kwanza, na tena baada ya wa tatu."

"Ulijua?"

"Nilizipiga nyimbo hizo kwenye piano nikiwa mwanafunzi, zote kumi na mbili kwa mpangilio wake."

Alimwuliza kwa nini basi hakusema. Mwalimu alizitazama santuri kabla ya kumtazama yeye.

"Nilidhani umegeuza mpangilio makusudi. Wewe ni mtu wa kutafuta maana hata kwenye vumbi. Kila mara unaikatiza kituoni, halafu unasema mapenzi hayadai. Nikajua unaniambia mimi, kwa ustaarabu, nisitarajie kitu. Nikaendelea kutarajia hivyo hivyo, mpaka nikachoka, nikaomba kazi. Leo nilitaka tu kusikia mwisho wake mara moja kabla sijaondoka."

Mdogo wake fundi wa miwani alimtikisa mwoka mikate, akamnong'oneza kuwa maboksi ya jikoni yanahitaji watu wawili wenye nguvu. Mwoka mikate aliuliza kama imeisha. Aliambiwa bado, na akaburutwa.

Fundi wa miwani aliona aibu mpaka masikioni. Angeweza kutoa hotuba. Alikuwa na nyingi. Ilimjia hata nadharia mpya, kwamba kosa lenyewe ni aina ya upande wa tano, na akaikanyaga palepale kabla haijamtoka.

"Sikuwa nakuambia kitu," alisema. "Nilikuwa mjinga tu. Nakupenda, Mwalimu, tangu kabla ya albamu hii. Nilidhani hadithi inaishia pale."

Mwalimu alianza kuzirudisha santuri kwenye bahasha nyeupe, taratibu, kwa ncha za vidole, alivyokuwa akimwona yeye akifanya. Kisha akasema kwamba gari la mizigo limeshaagizwa, kwamba wanafunzi wanamngoja kule, na kwamba hawezi kubaki.

"Sikuombi ubaki." Fundi wa miwani alimshikia bahasha. "Huko uendako, watu hawavai miwani?"

Mabega ya mwalimu yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alizichukua santuri na kuziweka ndani ya boksi lake mwenyewe, lile lililoandikwa "sebuleni", akalifunga.

"Wanavaa," alisema. "Na wasioona ni wengi zaidi."