Kilo Hazisemi Zimekaa Wapi

Mimi sina ulimi wa asali, na Nateete nzima, hapa Kampala, inalijua hilo. Mteja akinijia na gauni lililompasuka mgongoni, akaniambia nimemuuzia takataka, namjibu palepale: ulinipa urefu, ukanipa kilo, nikakuletea saizi iliyoandikwa kwenye chati. Kama mwili wako haufuati chati, kagombane nao huko nyumbani kwako.

Duka langu liko ng'ambo ya soko. Nauza abaya na magauni ya sherehe, ninayoagiza Guangzhou kwa simu. Unatuma picha ya gauni, wao wanakurudishia chati: upande huu urefu, upande ule kilo, na zinapokutana ndipo penye saizi yako. Kifua hakimo, kiuno hakimo, nyonga hazimo. Chati hiyo imenisomeshea watoto, na mimi nilikuwa nikiitetea kama ndugu yangu wa damu.

Basi mwanangu Farouk akaposa. Binti mwenyewe ni Hajara wa Maalim Abdul-Karim, yule anayesomesha madrasa kule Mengo. Kwetu sisi, watu wenye asili ya pwani tuliolowea Kampala tangu enzi za mababu, upande wa bwana harusi ndio unaopeleka sanduku: leso, viatu, manukato, udi, na juu ya vyote gauni la kupambwa. Siku ya kupamba bibi harusi huketishwa kwenye kiti cha juu, ukumbi umejaa wanawake watupu, na macho yote yako kwake. Gauni likimkaa vibaya, hakuna anayemsema mama mkwe aliyelinunua. Anasemwa msichana.

Nami nilitaka Hajara aingie nyumbani kwangu bila kusemwa. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na mimi sipendi watu ovyo. Lakini mama mkwe hachukui utepe akaenda kumzungushia mchumba wa mwanawe kiunoni, ni kukosa adabu. Kwa hiyo nikamtuma binti yangu Firdaus amchokonoe kwa simu, kisichana, amuulize urefu na kilo tu. Jibu lilikuja upesi, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali. Firdaus akacheka mpaka akakaa chini. Urefu ule ule wake, kilo zile zile zake, sabini na nne. Akaniambia, Mama, huyu ni mimi mwenyewe.

Alhamdulillahi, nikasema, Mungu amenirahisishia. Nikaagiza gauni la satini, la kubana juu mpaka magotini kisha linafunguka, saizi ya XL kama chati ilivyosema. Lilipofika nikamvisha Firdaus. Zipu ilipanda bila kusita, na gauni likamkaa kama alizaliwa nalo. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye hajawahi kusifu kitu changu hata kimoja, siku hiyo alitikisa kichwa akasema si baya. Nikalikunja na karatasi laini, nikaliweka sandukuni, nikalala usingizi wa mtoto.

Wiki ile ile nikapanda boda kwenda Mengo kuzungumza na shangazi yake Hajara habari za wapishi. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Sikupiga simu kwanza, na nyumba ikanikaribisha ilivyo. Hajara alikuwa uani anafua, amejifunga leso, na aliponiona aliinuka haraka kuja kunishika mkono.

Banange, moyo ulinishuka. Huyu mtoto nilikuwa nimemwona mara nyingi, lakini kila mara ndani ya abaya pana, ameketi, macho chini. Sasa nikamwona. Juu ni mwembamba kabisa, mabega ya msichana wa shule, kifua kidogo. Chini, mashallah, Mungu alikuwa hana haraka: nyonga na mapaja yamejaa, yametulia. Firdaus wangu ni kinyume chake. Yeye kila anachokula kinapanda kifuani na tumboni, miguu imebaki kama ya korongo. Wote wawili wana kilo zile zile. Lile gauni lililomkaa Firdaus vizuri lingemkwama Hajara kwenye mapaja, na hapo kifuani lingebaki tupu kama mfuko.

Nikaketi kwenye mkeka nikijifanya napumua kwa sababu ya jua. Nikaletewa chai na maandazi, nikamwambia Hajara aketi tunywe pamoja. Akasema amefunga. Ilikuwa Jumanne, si siku ya funga ya sunna, nikadhani analipa siku zake za Ramadhani. Alipoingia jikoni, shangazi akaniambia kwa sauti ya chini kuwa huyo anafunga karibu kila siku tangu posa ikubaliwe, na baba yake kila jioni anamsifu kwa ucha Mungu. Ila yeye shangazi hakuwa mjinga. Akanieleza habari ambayo hakuna aliyewahi kuniambia.

Hajara aliwahi kuposwa kabla yetu. Upande ule nao walileta gauni, wakataka alijaribu mbele ya dada za mchumba. Lilipanda mpaka mapajani, likagoma. Wakavuta, mshono ukalia. Mmoja wa wale dada akacheka, akasema basi mzani wa kwao ulikuwa mbovu, maana kilo alizowatajia na hicho wanachokiona haviendani. Hakuna aliyegombana, walikunywa chai wakaondoka, na posa ikafa kimyakimya. Tangu siku hiyo mtoto yule anaamini mwili wake ulisema uongo.

Nilisikia hasira mpaka masikio yakapata moto, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa yangu mwenyewe. Maana sanduku langu lilikuwa na aibu ile ile, nimeikunja vizuri kwa karatasi laini.

Nilimwomba shangazi aniachie Hajara kidogo, na tukaingia chumbani. Kabla sijasema lolote yeye akaanza, akinyoosha nyoosha ukingo wa leso yake.

"Mama, mwambie Firdaus zile kilo nilizompa zimeshakuwa za zamani. Nimeshuka mpaka sitini na tisa. Nimeiona chati ambayo duka lako huwatumia wateja kwenye simu, sasa naingia kwenye L."

Alisema kwa furaha, masikini. Na mimi niliyeuza kwa chati ile miaka yote, hapo ndipo nilipoiona ilivyo. Uso wake ulikuwa umekonda, mifupa ya shingo imetokeza. Zile kilo tano zilitoka mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutoa. Chini hapakuguswa. Na chati, kwa sababu hesabu imeshuka, ingemsukuma kwenye gauni dogo zaidi ya lile ambalo tayari lisingempita. Kadiri anavyoshinda njaa ndivyo gauni linavyozidi kumkimbia.

"Kilo tano zimetoka wapi, mwanangu?" nikamuuliza.

Akajishika bega.

"Kilo hazisemi zimekaa wapi, Hajara. Ile chati haijakuona. Wewe hukudanganya mtu, wala wale siku ile hawakudanganywa. Waliuliza swali nusu."

Akalia. Nikamwacha alie, nami nikalia kidogo, ingawa mimi kulia kwangu ni kama kukohoa. Kisha nikamwambia nitafanya jambo ambalo mama mkwe hafanyi, na akikataa sitakasirika. Akakubali kwa kichwa. Nikachukua leso kutoka kitandani kwake, nikamketisha kwenye kiti, nikamzungushia pale penye upana wake wote, na pale ncha ilipokifikia kitambaa nikachomeka pini. Nilimpima ameketi kwa sababu mtu akiketi nyonga hutanuka, na bibi harusi kazi yake siku hiyo ni kuketi. Halafu nikamzungushia kifuani, pini nyingine. Leso hiyo nikaikunja ndani ya mkoba wangu kama siri.

Nyumbani wifi yangu alikuwa na dawa yake. Alisema zimebaki wiki kadhaa, msichana apunguze tu mlo, gauni si limeshalipwa. Nikamjibu kwamba nguo ndiyo inayomfuata mtu, na kama anataka kumpunguza mtu aanze na mdomo wake.

Nikaitandika leso mezani, nikapima kutoka ncha hadi pini ya nyonga, nikampigia muuzaji wangu wa Guangzhou. Kama kawaida akauliza urefu na kilo. Nikamwambia safari hii simpi. Nataka yeye alilaze gauni lile lile mezani, kila saizi, apime upana wake penye nyonga, azidishe mara mbili, anitumie picha ya utepe ukiwa juu ya nguo. Satini haivutiki, kwa hiyo nilitaka nafasi ya vidole kadhaa juu ya kipimo cha mtoto. Alinung'unika sana, lakini akapima. XL, haifai. XXL, ingemruhusu kusimama tu. Tatu XL ikatosha, na nafasi ya kuketi ikawapo.

Lilipofika, juu lilikuwa kubwa mno, wangeingia Hajara wawili. Sikuwa na wasiwasi. Kitambaa kilichozidi hukatwa, kilichopungua hakioti. Nililipeleka kwa Anselme, fundi Mkongo tunayetazamana naye milango, pamoja na leso yangu yenye pini. Akapunguza mabega na kifua kwenye mishono, akapandisha pindo chini, maana saizi ikipanda na urefu hupanda. Shangazi akamjaribisha Hajara chumbani kwao, mlango umefungwa, wawili tu. Usiku akanitumia ujumbe wa neno moja: limekubali.

Lile la kwanza nikampa Firdaus alivae siku ya kupamba.

Siku ya kupamba nilikaa mbele. Hajara akaingizwa kwa vigelegele, amefunikwa shela la kijani, Firdaus pembeni yake akimshika mkono. Wamelingana kimo, magauni ya rangi moja na mtindo mmoja, na hakuna ambaye angedhani la mmoja limepita la mwenzake saizi mbili. Shela likafunuliwa. Wifi yangu akainua shingo akitafuta pa kushika, akaangalia kifua, akaangalia kiuno, akasubiri wakati wa kuketi. Mimi pia nilisubiri wakati huo.

Hajara akaketi. Satini ikalala juu ya mapaja yake bila kuvuta, bila mkunjo, bila sauti ya mshono. Akaweka mikono magotini. Wanawake wakasema mashallah mmoja baada ya mwingine, na wifi yangu akaomba maji.

Nikapanda kwenda kumtunza fedha, kama ilivyo desturi. Nilipoinama kumbusu akanishika mkono asiuachie, akaninong'oneza sikioni.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Bibi harusi hali mbele za watu, kila mtu anajua. Nikateremka jikoni, nikapakua biriani mwenyewe, nyama juu, nikairudisha mbele ya ukumbi mzima, nikanawa, nikamlisha kwa mkono wangu. Akala mpaka sahani ikaisha.