Nusu Dola ya Visanduku

Mimi sipendi kubishana na mtu, lakini Mzee Hasmukh ananitafuta. Siku alipofungua duka lake la mtandaoni, mwaka huo wa tisini na tisa, aliniweka niwe wa bei. Duka lenyewe la kawaida liko hapa Kisii mjini. Lile la mtandaoni linakaa kwenye kompyuta ya mpwa wake Mehul, Nairobi, na linauza vinyago na visanduku vya mawe laini kutoka Tabaka. Bei msingi ni ya shilingi. Mashine inaongeza asilimia tatu za tahadhari, shilingi isije ikapanda kabla hatujalipwa, kisha inaonyesha dola, pauni na maki za Kijerumani. Kila asubuhi naipigia benki, naandika viwango vya siku, navituma kwa simu. Nisipotuma, vya jana vinabaki.

Ugomvi wetu ulikuwa wa senti. Hesabu ikitoka dola moja na senti hamsini na moja, unaandikaje? Mzee alitaka ipandishwe hadi nusu dola ya juu. Mimi nikakataa. Sokoni ukinunua ndizi, mama anakuongezea moja, kwa nini Mzungu tumkamue? Nikasema ishushwe hadi nusu dola ya chini, hiyo ndiyo nyongeza yake.

"Nyongeza haikai kwenye bei, Orpah," akasema. Nikabishana naye siku mbili nzima, mwishowe akainua mikono. Nikatembea duka zima kama bibi arusi.

Kisha simu ikafa, siku kumi. Niliwahi kutuma viwango asubuhi ile ile, dola ikiwa sabini na sita, na hata sikuweza kuangalia duka linaonyesha nini. Iliporudi, wa kwanza kupiga alikuwa Mehul. "Kuna oda ya visanduku mia tano, Boston, tangu Ijumaa. Imeshalipwa kwa kadi, kwa dola." Kabla sijauliza kiasi gani, laini ikakatika.

Momanyi, mchongaji wetu, alikuwa amekaa pale pale kwenye gunia la mchele. Nilikuwa nimemwapia, kwa mdomo wangu huu, shilingi themanini kwa kila kisanduku, dola ipande ishuke. Nilipomwambia habari ya oda, alisimama akatabasamu. "Dada, basi nichukue mawe leo. Nyumba sita zitachonga."

Nikamwambia angoje. Nikashika penseli. Kisanduku ni shilingi mia na kumi, na ukiongeza tahadhari ni mia na kumi na tatu na senti thelathini. Dola ikiwa sabini na tano, inatoka moja na senti hamsini na moja, inashuka kuwa moja na nusu. Sawa. Lakini kwa sabini na sita inatoka moja na senti arobaini na tisa.

Inashuka kuwa dola moja.

Nikaipigia benki: dola leo sabini na nne. Vipande mia tano kwa dola moja ni shilingi elfu thelathini na saba. Momanyi peke yake nimemwahidi elfu arobaini. Asilimia tatu gani tena, wakati mimi nimekata theluthi nzima kwa huruma zangu? Nilijichukia. Nikamtazama yule mtu anafunga kamba za viatu aende kununua mawe, na nikaona haya kweli kweli.

Nikaenda kwa Mzee nikamweleza yote, sikuficha. Akawasha modemu, ikalia, tukangoja barua ya oda. Ikaja mstari kwa mstari: visanduku, mia tano, na bei ya kimoja.

Dola moja na nusu. Jumla mia saba na hamsini.

"Nilimwambia Mehul aweke sakafu," Mzee akasema, bila kunitazama. "Bei ikishushwa chini ya shilingi zetu za msingi, mashine inaipandisha nusu dola. Wewe ulitaka kushinda, nikakuachia ushinde."

Nilikasirika nusu dakika. Halafu nikakaa kitini nikacheka, machozi yakanitoka. Mia saba na hamsini kwa sabini na nne ni elfu hamsini na tano na mia tano. Kwa bei yetu ya msingi tulitaka elfu hamsini na tano. Hata baada ya zile siku kumi zote za kiwango kilicholala, tulikuwa tumebaki na mia tano ya juu.

Momanyi alileta mzigo baada ya wiki tano. Nilihesabu mara mbili: visanduku mia tano na vitano.

"Vitano vya nini?" nikamuuliza.

"Nyongeza," akasema. "Ameagiza vingi."

Mzee Hasmukh akaja, akavipanga mwenyewe juu kabisa ya katoni, ambapo mteja angeviona kwanza, akanipa gundi nifunge. Nikafunga, na sikubishana.