Paji la Uso Halisemi Kweli

Saa kumi na mbili asubuhi muziki ulikuwa bado unanguruma, na Mama Nesi alikuwa anafunga mkoba wake akidhani usiku umempa nafuu. Visigino viwili vilivyochubuka na kidole kimoja kilichobanwa na mlango, basi. Tangu astaafu wodini, ukumbi huu humwita kila mwisho wa wiki akae kwenye chumba cha huduma ya kwanza nyuma ya baa, na muziki wao haupendi hata chembe.

Ndipo kaka mtu, fundi simu mrefu asiyeishiwa maneno, akaingia amemkokota mdogo wake wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa amecheza tangu saa nne usiku bila kukaa.

"Amechoka tu, mama. Mpe dawa ya homa tukalale."

Mama Nesi akaelekeza kipimajoto kwenye paji la uso la kijana. Thelathini na saba na nusu. Paji lenyewe lilikuwa baridi, limelowa jasho.

"Si unaona!" kaka akasema, tayari anamshika mdogo wake kwapani.

Lakini vidole vya Mama Nesi vilikuwa kwenye kifundo cha mkono, na vilihesabu mapigo mia na sabini na mbili kwa dakika. Mboni zimepanuka, meno yanasagana. Alipomuuliza leo ni siku gani, kijana alijibu kwamba gari limeshapita. Moyo wa mtu aliyechoka hutulia akikaa. Huu ulikuwa umekaa dakika tano na bado unakimbia.

"Amemeza nini?"

"Soda tu."

"Mwanangu, mimi si polisi, wala sitafuti mchumba kwenu hata niwachunguze tabia. Amemeza nini, vingapi, saa ngapi?"

"Soda, mama. Haki ya nani."

Mama Nesi akatoa kipimajoto kingine, kile cha kupimia nyuma. Kaka akaruka kama kakanyaga moto.

"Mwanaume mzima? Hapa? Watu watatucheka!"

"Mficha uchi hazai. Na huyu asipofunuliwa sasa hivi hatazaa kamwe. Mishipa ya ngozi imebana, jasho linapoza juu juu, joto lote liko ndani. Geukia ukutani kama unaona haya."

Arobaini na moja na pointi mbili. Mama Nesi akaogopa, na hakuona sababu ya kuficha kwamba ameogopa. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa, akampigia kelele mhudumu wa baa alete lile beseni kubwa la kupozea soda, na barafu yote aliyonayo.

Kaka alikuwa ametazama namba ile. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Vidonge vya kuchangamsha, mama. Kimoja saa tano, kingine saa tisa. Nilimpa mimi. Amefaulu mtihani, nilitaka afurahi."

"Sasa tunaongea. Mvue shati."

Wakamtumbukiza hadi kifuani, kichwa kikiwa mikononi mwa kaka. Kaka akataka kumnywesha maji. Mama Nesi akamzuia, kwa kuwa aliyechanganyikiwa hupaliwa. Dawa ya homa nayo akasema haina kazi hapa, maana hii haikuwa homa ya ugonjwa. Kidonge huuchapa moyo ukimbie, kikaziba masikio ya mwili usisikie uchovu wala kiu, na misuli inayocheza saa nane mfululizo hutoa joto kama jiko lisilo na dirisha.

"Ungemlaza nyumbani chini ya blanketi," akasema, "ungeamka peke yako."

Kaka akalia, huku akikoroga barafu kwa mkono mmoja.

Baada ya dakika kumi na tano kipimo kilisoma thelathini na nane na pointi nane. Wakamtoa asije akapoa kupita kiasi. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipoingia, kaka aliwatajia vidonge na saa zake kabla hawajamuuliza. Wakamdunga kijana sindano ya kutuliza, wakasema hospitali watazipima figo na damu. Kijana akafumbua macho akauliza kama muziki umezimwa.

Walipombeba kumpeleka garini, ndipo kaka akampigia mama yao. Hakuficha kitu. Chumba kilikuwa kidogo na simu ina sauti kubwa, kwa hiyo Mama Nesi alisikia yote. Alisubiri matusi. Mama mtu akauliza:

"Na wewe ulimeza vingapi?"

Mama Nesi akamtazama kaka, akaona lile taya lililokuwa likitafuna hewa muda wote. Nusu saa nzima amemtumikisha kukoroga barafu na hakumuuliza. Akamshika kifundo cha mkono. Mia na hamsini na sita.

"Vitatu, mama," kaka akasema.

Mama Nesi akawaita wale wa gari warudi.