Kaniki Isiyo na Mvaaji

Mwajabu alikuwa akizungumza na bidhaa zake. Asubuhi aliyasalimu majembe, akaikemea sukari kwa kunyonya unyevu, na jioni aliziaga blanketi kabla ya kufunga mlango. Watu wa Karatu walimcheka kidogo, nao hawakuwa na kosa. Lakini mwanamke aliyefiwa na mume, mwanawe wa pekee akawa Arusha, atazungumza na nani? Ukuta haujibu, na sukari angalau inayeyuka.

Mwaka ule wa 1963 ulipokuwa ukiishia, mwanawe Saidi alikuja na lori kumsaidia kuhesabu mali ya duka. Saidi alikuwa karani wa mahesabu kwa tajiri mmoja mjini Arusha, na safari hii alikuja na neno zito kuliko begi lake.

"Mama," alisema hata kabla ya kumaliza chai, "mimi na Mwamini tumeshauriana. Duka likionyesha faida mwaka huu, naacha kazi. Tunakuja kuishi hapa na watoto, tuliendeshe pamoja. Likionyesha hasara, sitathubutu. Nina midomo minne ya kulisha."

Mwajabu aliinuka akajifanya anatafuta kijiko. Machozi ya furaha yalimjaa, na hakutaka mwanawe aone jinsi upweke ulivyomla. Usiku ule alilala akiwapangia wajukuu mahali pa kulala: wakubwa wawili chumba cha nyuma, mdogo kwake.

Asubuhi walihesabu. Saidi alitaja, mama akahesabu, kila kitu kikaandikwa kwa bei waliyokinunulia. Walipojumlisha na kutoa, duka lilionyesha faida ya shilingi mia moja na hamsini. Mwajabu alipiga kigelegele kidogo, peke yake, kikaishia kooni.

"Subiri, Mama," Saidi alisema. "Hatujamaliza. Kila kitu tuliandika kwa bei ya kununulia. Sasa tuulize kama kitarudisha bei hiyo. Kisichorudisha, tunakishusha."

Alianza na blanketi kumi zilizoloweshwa na mvua za vuli zilipopenya kwenye bati. Zilikuwa na madoa ya ukungu, na harufu yake ilikuwa haina adabu.

"Tulizinunua shilingi tisa kila moja. Hivi zilivyo, mtu atakupa ngapi?"

"Saba, nikizifua nikazianika vizuri. Sabuni na mfuaji, shilingi kila moja."

"Basi saba toa moja, sita. Hiyo sita ndiyo tutakayopata mkononi. Tunaandika sita, siyo tisa. Hasara shilingi tatu kwa blanketi, thelathini kwa zote."

Mwajabu alikuna kichwa. "Na majembe? Tuliyanunua nne nne, nayauza sita. Yako arobaini. Faida ya shilingi themanini hiyo hapo, izibe blanketi."

Saidi alicheka. "Hapana, Mama. Majembe yanabaki nne mpaka yauzwe. Faida tunaingoja, hasara tukishaijua hatuingoji. Na kila kitu kibebe mzigo wake. Jembe halibebi blanketi."

"Sheria gani hiyo, ya uchoyo!"

"Ya tahadhari. Faida sasa ni mia na ishirini. Bado ipo. Bado tunakuja."

Mia na ishirini! Mwajabu alishusha pumzi. Kisha Saidi akageukia kona ya nyuma, palipokuwa na majora kumi na mawili ya kaniki, kitambaa cheusi, yamepangwa mpaka dirishani.

"Na hii? Thelathini kila jora. Inauzika?"

Mwajabu aliacha kuitazama ile kona.

Mwaka uliopita aliona vijana wengi wa Kimaasai njiani kuelekea Ngorongoro, wamevaa nguo nyeusi za waliotoka kutahiriwa. Akasema, soko ndilo hili, akaagiza kaniki kwa wingi. Hakujua kwamba wazee ndio wanaofungua na kufunga msimu wa tohara. Wingi wa vijana wenye nguo nyeusi barabarani ulikuwa ni wa waliokimbilia mlango kabla haujafungwa. Mwezi uliopita mzee Koinet wa Kimaasai, anayenunua sukari kwake kila anaposhuka, alikuwa amegusa zile nguo akamwambia, "Mama, hii nyeusi iweke tu. Wazee wamefunga. Hakuna kijana atakayekatwa mpaka ipite miaka, na sijui mingapi."

Saidi hakuwapo siku ile. Wala hakuwapo mwingine aliyesikia. Mwajabu angesema, "Inauzika, mwanangu," na hakuna ambaye angemkatalia. Wajukuu wangeshuka kwenye lori kabla ya masika.

Alikaa juu ya gunia la chumvi. Akilini aliwaona wajukuu wakicheza mlangoni, akawaona pia wameketi wakimtazama baba yao hana kazi wala mshahara, na kona imejaa kaniki. Mtoto hali kaniki. Na kama angempata Saidi kwa uongo, angekuwa na mtu ndani ya nyumba, lakini kila siku angemwogopa.

"Haiuziki," alisema. "Wazee wa Kimaasai wamefunga tohara. Niliambiwa, nikanyamaza."

Saidi aliligusa jora la juu. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini, "Hakuna mwingine anayeivaa?"

"Wanawake wa Mang'ola wanaolima vitunguu. Kuvalia shambani. Lakini hao hawatoi zaidi ya ishirini kwa jora, na lazima ipelekwe kwa lori. Mwenye lori anataka mbili kila jora."

"Ishirini toa mbili," Saidi alisema, na kalamu yake ilikwenda polepole. "Kumi na nane. Tulinunua thelathini. Shilingi kumi na mbili kwa kila jora, majora kumi na mawili... mia moja arobaini na nne."

Hakuhitaji kumweleza. Mwajabu hakusoma sana, ila kutoa mia na arobaini na nne kwenye mia na ishirini alikujua. Duka lilikuwa na hasara ya shilingi ishirini na nne.

"Ungeninyamazia, Mama," Saidi alisema, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ningekunyamazia wewe, sawa. Watoto je?"

Saidi aliondoka kesho yake. Alimkumbatia mama yake muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya wanaume, akamwambia watajaribu tena mwakani, na wote wawili walijua mwakani ni mbali. Lori lilipopotea kwenye vumbi jekundu, Mwajabu alirudi dukani na hakusalimu kitu chochote.

Wiki iliyofuata aliwapa wafanyabiashara wa vitunguu majora manne wayapeleke Mang'ola pamoja na magunia yao matupu. Jioni ya siku ya pili, Thomasi, dereva wa lori lao, alisimama mlangoni, akamhesabia fedha mezani.

"Nimeuza ishirini kwa jora, Mama. Themanini. Nimetoa zangu nane za usafiri. Hizi sabini na mbili zako."

Mwajabu aligawa kwa nne. Kumi na nane. Kumi na nane kila jora, bila senti kuzidi wala kupungua, sawasawa na alivyosema Saidi.

Aliruka kwa furaha, akageukia haraka nyuma ya meza, mwanawe alipokaa siku ya hesabu, "Saidi! Umeona, baba..."

Hapakuwa na mtu; Thomasi naye alishatoka, injini ilikuwa inawaka nje. Kwenye kona ya nyuma yalibaki majora manane, na Mwajabu alisimama na zile fedha mkononi mpaka giza lilipoingia dukani.