Kilo Ishirini na Tano

Mama mkwe wangu, Bibi Quek, aliuza chapati nene za karanga kwenye soko la vyakula la mtaa wetu wa Toa Payoh kwa miaka thelathini na moja. Watu walipanga foleni kabla jua halijatoka. Karanga alizikaanga mwenyewe, akazisaga na sukari, akazimwaga juu ya unga ulioiva bila hata kuangalia mkono wake. Mimi nilipoolewa na mwanawe, nilipewa chapati hizo asubuhi ya kwanza, na sijala nzuri kuzishinda.

Kisha tukampata Rui En. Alipokuwa na mwaka na miezi minane alilamba kijiko cha karanga pale kibandani, uso ukavimba, akaanza kukoroma kwa kukosa pumzi. Tulimkimbiza hospitali na akapona. Wiki hiyohiyo Bibi Quek alitoa karanga zote kibandani, akasugua sinia kwa siku mbili, akaanza kuuza chapati za nazi na za maharage mekundu. Nusu ya wateja walikimbia. Sikumsikia akilalamika hata siku moja, ingawa kwa mambo mengine alilalamika tangu alfajiri mpaka jioni.

Nasema haya mapema kwa sababu miaka ile mimi na yeye hatukuwa tukielewana sana. Nilikuwa naendesha basi la abiria, zamu za kupokezana, na mtoto alilelewa naye. Kila mmoja alidhani mwenzake anamharibu.

Miadi ya kwanza kwenye kliniki ya mzio tulikwenda wote watatu. Daktari aliitwa Vasanthi, mama mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimpima Rui En: kilo kumi na mbili. Akatueleza kwamba dawa ya kumwokoa ni adrenalini, na hesabu yake ni miligramu sifuri nukta sifuri moja kwa kila kilo ya mwili.

"Kwa hiyo huyu anahitaji sifuri nukta moja mbili," alisema. "Lakini kalamu ya sindano iliyojazwa dawa tayari, ndogo kabisa tuliyo nayo hapa, hii ya kijani, inatoa sifuri nukta moja tano. Inazidi kidogo. Njia nyingine ni chupa na bomba la sindano, mnavuta wenyewe kipimo kamili."

Mimi nikasema papo hapo, "Basi tupe chupa, Daktari. Kwa nini mtoto apewe dawa iliyozidi?"

Bibi Quek akanyoosha mkono. Alimwambia daktari, "Nipe nijaribu hiyo ya chupa."

Daktari akampa chupa ya maji ya mazoezi na bomba, akatazama saa. Huyu ni mama aliyepima unga kwa jicho maisha yake yote. Alivunja shingo ya kile kichupa cha kioo, akavuta, hewa ikaingia, akasukuma, akavuta tena, akasogeza miwani. Kile kipimo kilikuwa matone mawili matatu tu. Alipomaliza dakika mbili na nusu zilikuwa zimepita, na ndani ya bomba kulikuwa na karibu mara mbili ya kilichotakiwa.

Aliweka bomba mezani. "Na hapa mtoto halii, na mimi sitetemeki," alisema. "Tupe kalamu."

"Ndivyo ningewashauri," alisema Dk. Vasanthi. "Ile ziada ndogo mtoto mwenye moyo mzima huistahimili. Atatetemeka, moyo utamwenda mbio, basi. Kuchelewa ndiko kunakoua."

Nilimwona siku ile kwa jicho jingine kidogo. Mzee mwenye majivuno kama yeye, kushindwa mbele ya mkwe wake na akakiri! Kabla hatujatoka aliuliza, "Hii ya kijani itamfaa mpaka lini?"

"Akifika kilo ishirini na tano, njooni. Tutampa ya manjano, sifuri nukta tatu. Msingoje miadi."

Miaka ikapita. Kalamu zilikwisha muda, tukapewa nyingine, za kijani vilevile. Mbili nyumbani kwenye mkoba wa Bibi, mbili mkobani mwangu, mbili shuleni. Rui En akafika miaka minane, mrefu, mwenye pumu kidogo, mdomo mrefu kuliko yeye. Hakuna aliyekuwa akimpima mara kwa mara. Miadi yetu ilikuwa Novemba.

Mwezi wa Julai nilirudi kutoka zamu ya asubuhi nikamkuta Bibi Quek amesimama sebuleni, mikono kiunoni, anamtazama mtoto aliyelala kwenye kochi.

"Pei Shan, njoo. Huyu nimemtoa kochini nikamrudisha mara mbili. Amefika."

"Amefika wapi, Mama?"

"Gunia la unga ni kilo ishirini na tano. Nimebeba magunia mangapi, unadhani? Kiuno changu kinajua. Huyu amelipita gunia."

Nilicheka. Nilikuwa nimechoka, na nilicheka vibaya. "Mama, mtoto si unga. Na karatasi ya ndani ya boksi inasema ya manjano ni kuanzia kilo thelathini. Nimeisoma mwenyewe. Novemba si mbali."

"Karatasi ilimwona lini Rui En?"

"Na kiuno chako ndicho daktari?"

"Kiuno changu hakikupata shahada," alisema, "lakini hakijawahi kunidanganya sokoni."

Tuliishia hapo, kila mtu na hasira yake. Kesho yake, mimi nikiwa kwenye usukani, alifunga kibanda siku ya Jumatano, siku ambayo hakuwahi kukifunga, akamchukua mtoto baada ya masomo na kwenda naye kliniki bila miadi. Walikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Rui En alinisimulia baadaye kwamba Bibi alikataa kuondoka hata kwenda chooni, asije akaitwa akiwa hayupo.

Mizani ilisema kilo ishirini na tano na nukta nane.

Dk. Vasanthi alinipigia simu jioni, kwa sababu Bibi alimwambia, "Mweleze mkwe wangu, mimi haniamini." Nilimuuliza kuhusu ile karatasi.

"Karatasi inasema hivyo, ni kweli," alinijibu. "Watengenezaji waliandika thelathini. Lakini fanya hesabu nami. Uzito wake unataka karibu sifuri nukta mbili sita. Ya kijani inampa sifuri nukta moja tano, zaidi ya nusu kidogo tu. Ukingoja thelathini, itakuwa nusu kamili. Ya manjano inampa sifuri nukta tatu, inazidi kidogo. Kati ya kupungukiwa na kuzidi kidogo, kwa mtoto mwenye pumu aliyewahi kukosa pumzi, wewe ungechagua lipi?"

"Kuzidi," nilisema.

"Nimelipapasa paja lake pia," aliendelea, "kwa sababu sindano ya manjano ni ndefu kidogo. Nyama ipo ya kutosha. Na umwambie mama mkwe wako, wazazi wengi huniletea mtoto akiwa na kilo thelathini na tano, bado na kalamu ya kijani."

Sikumwambia. Nilisema tu, "Asante kwa kumpeleka," naye akasema, "Mm," akaendelea kukata vitunguu.

Bibi alibadilisha zake siku ileile. Za shuleni alizipeleka mwenyewe asubuhi iliyofuata, pamoja na karatasi mpya ya maelekezo yenye sahihi ya daktari, akamsimamia mwalimu mpaka zile za kijani zikatoka kabatini. Zangu mimi nilisema nitazichukua kliniki wiki ijayo. Wiki hiyo ikawa wiki mbili.

Jumapili moja mwezi wa Agosti tulialikwa kwa wifi yangu, mtoto wake akitimiza mwezi. Ilikuwa saa nane mchana, nyumba imejaa, mayai yamepakwa rangi nyekundu kama ilivyo desturi, na masanduku ya keki nyekundu za wali wa kunata zenye umbo la kobe. Wifi aliagiza zote ziwe na dengu ndani. Aliwaambia dukani mara mbili. Mle ndani zilikuwemo kadhaa za karanga, na kwa nje zote zafanana.

Rui En aliuma mara moja. Alikuja kwangu akijikuna shingo. "Mama, koo linawasha." Kisha akakohoa, na sauti iliyotoka baada ya kikohozi haikuwa yake, ilikuwa ya kukwaruza kama ya mzee. Madoa yakapanda mikononi.

Nilifungua mkoba. Nikashika kalamu yangu, nikaiona rangi yake, na nikaganda. Sijui ni sekunde ngapi. Kichwani kulikuwa na kitu kimoja tu: ya kijani, ya kijani.

"Niende chooni, nataka kutapika," alisema mtoto, akainuka.

"Usisimame!" Ilikuwa sauti ya Bibi Quek kutoka ng'ambo ya sebule. "Kaa hapohapo! Tapika sakafuni, nyumba si yangu!"

Watu walipisha. Alikuja akiwa tayari ameshika kalamu ya manjano. Alimketisha sakafuni, miguu imenyooka, akalikandamiza paja lisitikisike. "Bibi hapa, mjukuu wangu. Itauma kama siafu." Aling'oa kizibo, akasukuma ncha kwenye ubavu wa paja juu ya suruali, ikalia *ta!* Akahesabu moja, mbili, tatu, kwa Kihokkien, Kichina cha kwao, kwa sauti. Akaitoa.

"Pei Shan! Simu, gari la wagonjwa! Tazama saa, dakika tano!"

Nikaamka. Nikapiga simu. Kalamu ya pili ya manjano ilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, imeelekezwa chini, tayari. Hatukuihitaji. Dakika ya tatu kikohozi kilipungua. Dakika ya nne Rui En alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "Bibi, si siafu. Ni nyuki." Mikono yake ilikuwa ikitetemeka na moyo unamdunda, kama daktari alivyotuambia. Wahudumu wa gari walimlaza kwenye machela wakambeba, hawakumruhusu kupiga hata hatua moja, maana mtu wa hali hiyo akisimama shinikizo la damu huweza kuporomoka.

Walimweka hospitali kwa muda wa saa sita kumwangalia. Nilimuuliza daktari wa zamu: je, ningepaswa kutumia yangu ya kijani?

"Kama ndiyo pekee iliyopo, unaichoma papo hapo," alisema. "Kidogo sasa ni bora kuliko kingi baadaye. Kisha ya pili baada ya dakika tano akiwa hajapata nafuu. Kosa ni kusimama ukiitazama. Lakini kwa uzito wake, bibi yake alikuwa na iliyo sawa."

Hakujua kwamba mimi ndiye niliyesimama nikiitazama. Bibi Quek alijua. Aliniona vizuri, na hakusema neno, wala siku ile, wala baadaye kwa ndugu walipomsifu na kuuliza mama wa mtoto alikuwa wapi. "Alipiga simu," aliwajibu. "Mimi nisingekumbuka hata anwani."

Jumatatu sikuenda kazini. Nilichukua kalamu zangu mpya, na nesi akanifanyisha mazoezi kwa kalamu tupu mara kumi, mpaka mkono ukaenda wenyewe. Kutoka pale nilikwenda sokoni. Bibi Quek alikuwa kibandani akigeuza chapati za nazi, jasho linamtiririka.

"Umekuja kufanya nini? Kuna foleni, usizibe njia," alisema.

Nilivaa aproni, nikasimama kando yake. Nilimwambia niliyoyaona jana yake, yote, na kwamba katika maisha yangu sijaona mtu kama yeye. Alisikiliza huku akikata chapati vipande, akafunga cha mteja, akarudisha chenji.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Haya, nipe yale maharage mekundu." Kisha, bila kunitazama, "Na mwambie yule daktari wenu aniwekee miadi ya Novemba saa za asubuhi. Mwenyewe nitakuja kumpima Rui En."