Risiti Zilizopigwa Pasi

Barua ya mamlaka ya kodi ilifika Jumatatu. Ilisema afisa angekuja Alhamisi saa tatu asubuhi kukagua hesabu za mwaka uliopita. Dobi aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaitupia juu ya rundo la mashuka ya nyumba ya wageni, akarudi kwenye mashine yake kama mtu aliyesikia habari za jirani. Mkewe ndiye aliyeiokota na kuisoma neno kwa neno, kidole kikitembea chini ya mstari. Yeye ndiye alikuwa mtunza vitu pale: funguo, chenji, vifungo vilivyokatika kwenye mashati ya watu, na boksi la viatu lililojaa risiti.

Kazi yao ilikuwa ndani ya chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta. Mvuke ukijaa, ulikuwa hauna pa kwenda. Mwisho wa chumba ilisimama mashine kubwa ya kufulia, ambayo mkopo wake waliumaliza mwaka ule ule. Hiyo ndiyo iliyowalisha. Bila mashine ile, wangerudi kufua kwa mikono, na nyumba ya wageni, mteja wao mkubwa, haina subira na mtu anayefua mashuka themanini kwa mikono.

Jumatano mchana mke wa Dobi alimwaga boksi juu ya meza ya pasi. Aliona aibu. Risiti zilikuwa zimejikunja, nyingine zimeshikwa na mikono yenye sabuni, nyingine zimefinyangwa mfukoni hadi zikawa kama maganda ya karanga.

"Mgeni wa serikali huwezi kumpa takataka hizi," alijisemea.

Alianza na stakabadhi za benki za pango. Pasi ya moto mdogo, mara moja tu, zikanyooka vizuri. Bili za maji nazo zikanyooka. Akapata moyo. Zilizobaki ni za duka la jumla la sabuni, zile nyembamba zenye kung'aa zinazotoka kwenye kimashine. Zilikuwa sabini na tatu, sabuni na dawa za kung'arisha za mwaka mzima. Alizipanga zote kwenye meza kubwa, moja kando ya nyingine kama leso za harusi, akazifunika kwa shuka jembamba ili zisichafuke, akapitisha pasi toka kichwani hadi miguuni. Alifanya kwa upendo, hata akaimba kidogo.

Alipofunua shuka, zote zilikuwa nyeusi tititi.

Alidhani ni uchafu. Akazipuliza, akazifuta kwa kitambaa. Mdogo wake Dobi, aliyekuwa dereva wao wa kupeleka nguo, aliingia na kikapu begani, akasimama.

"Shemeji, na hizi mmezivisha nguo za msiba?"

Dobi alikuja, akachukua moja, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha mezani taratibu. Angegomba, ingekuwa afadhali. Mtu anayegomba unajua ataishia wapi.

Alhamisi afisa alifika saa tatu kamili. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye begi la kitambaa, akawaamkia wote, akaomba kiti. Alipitia mkataba wa pango, bili, ankara za nyumba ya wageni, rejesho la kodi waliloliwasilisha. Kila kitu kikaenda sawa mpaka kwenye rundo jeusi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni risiti za sabuni. Nilizinyoosha."

Afisa alimtazama, si kwa dharau. "Karatasi hii haina wino, mama. Maandishi yake ni joto. Ukiiacha juani inafutika, ukiipiga pasi inaungua yote. Ndiyo maana tunashauri watu wazitoe nakala siku ile ile."

"Lakini sabuni tumenunua. Mashuka yenyewe hayo hapo."

"Naamini mmenunua. Ila siwezi kuwaondolea gharama ambayo siioni tarehe, siioni kiasi, siioni muuzaji."

Wiki mbili baadaye yakaja makadirio. Milioni nane za sabuni na dawa zilikataliwa zote, zikahesabiwa kuwa ni faida, na kodi yake ikawa milioni mbili na laki nne juu ya ile waliyokwisha kulipa. Wafanyabiashara wawili walikuwa wamewahi kuitamani mashine yao. Bei waliyotaja wote wawili ilikuwa milioni mbili.

"Basi tuiuze, tukope laki nne, yaishe," alisema Dobi. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu siku ya pasi.

"Mnaiuza ya nini?" alidakia mdogo wake. "Huyo mama wa kodi ana watoto, na watoto wanakula. Mtafuteni kando, mumnong'oneze."

"Nenda kamnong'oneze wewe, halafu tukuletee chakula ndani," alisema mke wa Dobi. "Mimi dhambi niliyonayo inanitosha."

Alisema hivyo, na neno lile likamgusa mahali.

Usiku alisali, asubuhi akaenda na barua ya makadirio ofisi ya kodi, akapanga foleni kwenye dawati la huduma. Kijana wa dawati aliigeuza barua na kumwonyesha nyuma, maandishi madogo ambayo nyumbani hakuna aliyeyasoma.

"Mna siku thelathini toka siku mliyoipokea. Mnaandika pingamizi. Si kulalamika kwamba ni kubwa, hapana. Mnataja kipi hasa mnakipinga, kwa nini, kiasi gani mnaona ni sahihi, na mnaambatisha ushahidi. Kile msichokipinga mnakilipa. Siku zikipita hamjaandika, deni linasimama kama lilivyo."

"Na ushahidi umeungua?"

"Uliungua kwako, mama. Kwa aliyeuza je?"

Hilo lilimpa miguu. Duka la jumla lilikuwa na karani mnene, mcheshi, aliyemwita mteja wangu wa damu. Alibofya mashine yake, ikaanza kutema nakala, moja baada ya nyingine, kila moja na namba yake. Mke wa Dobi alizipokea kama anapokea mtoto mchanga. Kisha mashine ikakoma.

"Ndiyo hizo. Mwezi wa saba mpaka wa kumi na mbili."

"Na za nyuma?"

"Mashine ya zamani ilikufa mwezi wa sita, ikafa na kumbukumbu zake. Hata mimi zinanitesa."

Alihesabu mle mle dukani. Milioni nne. Nusu. Kwa nusu iliyobaki wangedaiwa milioni moja na laki mbili, na mashine ingeuzwa vile vile. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Alirudi kwenye dawati. Kijana alifikiri. "Mlikuwa mnalipa taslimu au kwa simu?"

"Kwa simu. Karibu zote."

"Chukueni taarifa ya miamala kwenye kampuni ya simu. Itaonyesha pesa imekwenda kwa duka lile, tarehe na kiasi. Ila haisemi mlinunua nini. Mna daftari la manunuzi lililoandikwa wakati ule ule? Si la kuandika leo. Vikienda pamoja vinaweza kukubaliwa."

Hapo ndipo alipohisi chumba kinabana, ingawa ofisi ile ilikuwa pana na feni zilizunguka.

Daftari lilikuwapo. Lilikuwa kaunta buku moja la jalada gumu, na Dobi aliandika humo kila mfuko wa sabuni, upande wa kulia. Upande wa kushoto wa ukurasa ule ule, kwa mwandiko wa mkewe, zilikuwa kazi za Jumamosi: mapazia, suti, magauni ya harusi ya watu wa mtaani waliokuja kwa mlango wa nyuma na kulipa taslimu. Pesa ile ilikwenda kwenye ada za watoto. Haikuingia kwenye rejesho lolote. Wala hakuna aliyekaa akaamua kuificha. Ilikuwa ni pesa ya mama watoto tu, ikapita hivyo mwaka mzima.

Jioni alifungua daftari mbele ya mumewe.

"Tukilipeleka, wanaliona lote," alisema.

"Chana."

"Nikichana zangu, na zako zinakwenda. Karatasi ni moja."

"Andika upya basi. Mwandiko wangu unaujua."

"Naujua. Na nikiulizwa mbele ya Mungu kama liliandikwa wakati ule?"

Dobi alijishika kichwa. "Mama watoto, kwanza umenichomea risiti. Sasa unataka kunishtaki. Umebakiza nini?"

Maneno yale yalimwingia, kwa kuwa yalikuwa kweli. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda kati ya kapu la mashuka na ukuta. Kila upande aliogeukia ulimrudisha pale pale: bila daftari mashine inakwenda, na daftari likienda, wao wanatajwa kwa mkono wake mwenyewe. Alikaa hivyo siku tatu, akipiga pasi, akipeleka nguo, akicheka na wateja.

Siku ya nne alikokotoa jumla ya Jumamosi zote. Milioni moja na nusu. Akaiweka karatasi mbele ya Dobi, akiwa amekwisha kupiga hesabu.

"Kwa hii kodi yake ni laki nne na nusu. Kuna manunuzi ya laki tano tuliyolipa taslimu, hayana pa kushikia, kodi yake laki moja na nusu. Jumla laki sita, na faini yao juu. Bila daftari ni milioni moja na laki mbili. Nimehesabu mara tatu. Hata kama simwogopi Mungu, hii ni ndogo."

Dobi alipitisha kidole kwenye hesabu. "Na watatuandama kila mwaka."

"Wataandama. Kwani sasa wanatuacha?"

Walipeleka pingamizi siku ya ishirini na nane: barua ya kurasa mbili, nakala za duka zilizotolewa fotokopi, taarifa ya simu iliyopigwa mstari kwenye kila malipo, na daftari zima. Aya ya mwisho ya barua ilitaja kazi za Jumamosi, kiasi chake, na kwamba hawakuziingiza. Mke wa Dobi ndiye aliyeiandika. Akaomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, akaitia kwenye bahasha ngumu.

Majibu yalichukua wiki saba. Afisa yule yule aliwaita ofisini, daftari likiwa mbele yake na vipande vya karatasi vimechomekwa humo.

"Sabuni nimeikubali, isipokuwa zile za taslimu," alisema. "Jumamosi nimeziongeza, pamoja na faini na riba. Kwa kuwa mlisema wenyewe, faini ni ile ya chini." Akawasukumia karatasi. Laki saba na arobaini.

Dobi aliisoma mara mbili. "Kwa mkupuo mmoja hatuna."

"Ombeni kwa maandishi kulipa kwa awamu. Msipokosa hata mwezi mmoja, hatugusi mali. Mkikosa, makubaliano yanavunjika, deni lote linadaiwa siku hiyo hiyo."

Waliandika palepale, wakakubaliwa miezi kumi na minane. Nje, Dobi alisimama kwenye ngazi akigawanya kiasi kwa vidole.

"Ni kama kufua mashuka ya siku mbili kila mwezi bure," alisema.

"Siku mbili na nusu."

"Na kazi zako za Jumamosi?"

"Zitaandikiwa risiti. Nimemwuliza afisa. Hata za mapazia."

"Wateja wako watakukimbia."

"Baadhi," alisema mkewe, akashuka ngazi mbele yake, kwa kuwa mashuka ya nyumba ya wageni yalitakiwa saa kumi na mashine ilikuwa haijawashwa.