Ashatu Alivyoolewa na Mbuzi kwa Kihispania

Ashatu alikuwa mtembeza watalii pale Bagamoyo, na Kiingereza chake kilimtosha. Ila mwaka jana Wahispania walianza kuja kwa wingi, wakisikiliza maelezo yake ya magofu kwa adabu huku wakitazamana, na mwisho wa matembezi wakimshukuru kwa mambo ambayo hakuyasema. Ndipo yeye na wenzake wanne wakamwendea mzee Shuaibu, aliyesomea uvuvi Kuba enzi za ujana wake na mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kihispania.

Mzee Shuaibu akawafundisha alasiri, mara tatu kwa wiki. Walipofika kwenye vitenzi vya wakati uliopita, akawatafutia marafiki wa kuandikiana. Mwenzake aliyesoma naye Kuba alikuwa sasa anaishi Hispania, katika mji mdogo wenye darasa la watu wazima, na watu wa darasa lile walikubali. Ashatu akapangiwa bibi mmoja aitwaye Remedios.

"Kila mmoja atamwandikia rafiki yake kuhusu likizo," alisema mzee Shuaibu. "Mnaanza na *Querida*, mpendwa, halafu jina, halafu nukta mbili, si mkato. Mnamwita *tú*, wewe ya kirafiki, siyo *usted*, ile ya heshima, maana ni rafiki."

"Mwalimu, huyu ana miaka sabini," Ashatu akasema. "Nimwite *tú* kama naitana na Hamidu?"

Hamidu, mwanafunzi mwenzake aliyekaa nyuma yake, akasema yeye hana neno.

"Ukimwita *usted* atadhani unamdai kodi ya nyumba," mzee akajibu. "Na msisahau kuuliza. Barua inayojieleza yenyewe tu mpaka mwisho ni tangazo. Uliza, na kila swali liwe na alama mbili, ya mbele imepinduliwa kichwa chini. Mimi sitasahihisha. Barua ya rafiki haipiti kwa mwalimu."

Ashatu akaandika jioni ile ile. Likizo yake ilikuwa ya kweli: baada ya Idi alikwenda Fukayosi kwa mjomba wake Kibwana, ambaye alimkabidhi mbuzi awachunge kwa kuwa mchungaji alikuwa anaumwa. Mbuzi wa mjomba Kibwana hawachungwi, wanafukuzwa. Siku ya Jumamosi walimzungusha Ashatu kwenye mashamba ya watu hadi akakaa chini katikati ya mihogo akitaka kulia. Hilo ndilo alilotaka Remedios alijue. Akakumbuka neno la kuchoka, akaliandika kwa mwandiko mzuri, akalitumia tena kwenye swali ili barua isionekane tangazo, akaipiga picha na kuituma kwa simu.

Jibu lilifika baada ya siku chache, Ashatu akiwa jikoni na mama yake, Mwanahija, wakikuna nazi. Mwanahija alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake anaandikiana na Ulaya.

"Soma," akasema, akiweka mbuzi ya kukunia pembeni. "Soma kwa sauti, kisha unieleze."

Ashatu akasoma. Mstari wa kwanza ulikuwa mwepesi.

"Anasema, Ashatu mpendwa, nimefurahi sana kupata barua yako."

"Mstaarabu. Endelea."

"Anasema, hongera sana."

"Hongera ya nini?"

Ashatu akautazama mstari uliofuata. Akautazama tena. "Ya likizo, mama."

"Watu wa huko hupongezana kwa likizo?"

"Naona hivyo."

"Haya. Halafu?"

Halafu Remedios alikuwa ameuliza kama mjomba alikuwa radhi, na kama sherehe ilifanyika kijijini au mjini. Aliuliza pia mbuzi walikuwa wangapi, na kama wao kwa wao wanaelewana.

"Anauliza hali ya mjomba," Ashatu akasema. "Na ya mbuzi."

"Kaulizia mpaka mifugo," Mwanahija akasema kwa kuridhika. "Huyo amelelewa. Mbona unatoka jasho?"

"Moto, mama."

"Moto hatujawasha."

Ashatu akasema anakwenda kwa mwalimu mara moja, akatoka na kanga ya jikoni. Alimkuta mzee Shuaibu barazani akinywa kahawa, akampa shikamoo bila kusimama vizuri, akamwekea simu mbele ya macho. Mzee akaitikia marahaba, akavaa miwani, akasoma jibu. Kisha akaomba aone barua yenyewe.

*El sábado me casé mucho con las cabras de mi tío*, ndivyo Ashatu alivyoandika. *¿Y tú? ¿Te casas también en las vacaciones? ¿Con quién?*

Mzee Shuaibu akavua miwani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Ulitaka kusema nini, mwanangu?"

"Kwamba Jumamosi nilichoka sana na mbuzi wa mjomba. Na wewe je, huchoka pia wakati wa likizo? Unachoka na nani?"

"Kuchoka ni *cansarse*. Nilichoka, *me cansé*. Kuna *n* hapo katikati. Ukiitoa inabaki *me casé*, nimeolewa. Umemwambia kwamba Jumamosi umeolewa sana na mbuzi wa mjomba wako. Halafu ukamuuliza kama naye huolewa wakati wa likizo, na nani."

Ashatu akakaa kwenye ngazi. Alifikiria kuifuta namba ya Remedios. Alifikiria pia kurudi kwenye Kiingereza moja kwa moja na kuwaachia Wahispania magofu wayaelewe wenyewe.

"Mwalimu, ungesahihisha tu."

"Ningesahihisha," mzee akakubali, akijifuta machozi kwa ncha ya shuka. "Hilo ni langu. Lakini jibu hujalimaliza. Amekujibu swali lako hapa chini."

Walisoma pamoja, neno kwa neno. Remedios aliandika kwamba yeye aliolewa mara moja tu, na Julián, ambaye alikuwa mkaidi kuliko mbuzi, na alifariki mwaka juzi. Tangu hapo hajaenda likizo popote. Watoto wako mbali. Aliisoma barua ya Ashatu akiwa peke yake jikoni, akacheka hadi jirani akagonga ukuta, naye akamgongea pia. Alikuwa anajua kwamba lazima kuna neno limekosewa, ila hakutaka kulijua upesi.

Ashatu alirudi nyumbani polepole. Alimkuta mama yake amekwishawasha moto, akamweleza yote, pamoja na ndoa. Mwanahija alicheka akikaa, akacheka akisimama, kisha akajifuta macho kwa kanga.

"Mjane," akasema. "Na wewe unamwandikia mambo ya mbuzi."

"Mwalimu alisema likizo."

"Leta karatasi."

Ashatu akaandika *Querida Remedios*, akaweka nukta mbili. Akaeleza kosa la *n*, akaandika *me cansé* na kuipigia mstari chini. Akampa pole ya Julián kwa maneno machache aliyokuwa na hakika nayo. Hapo akadhani amemaliza.

"Muulize anakula na nani," Mwanahija akasema.

*¿Con quién comes?* Ashatu akaandika.

"Muulize hao watoto wanampigia simu au wanangoja mpaka apige yeye. Muulize jirani wa ukutani anaitwa nani. Kama ni mwanamume, muulize ana mke."

"Mama."

"Si alitaka maswali huyo mwalimu wako? Andika."

Ashatu akaandika. Yale ya jirani yalimshinda, akayaachia nafasi. Mwanahija akamtuma kwa mzee Shuaibu kuuliza jirani wa ukutani wanamwitaje Kihispania, na arudi upesi, maana samaki walikuwa wanakaribia kuiva.